Nimwandikie dada shairi bila kumdanganya?

*Shangazi, shikamoo.*

*Dada yangu ana miaka 44, ni mwalimu wa shule ya msingi Dar es Salaam. Amegundulika ana saratani ya titi na anatibiwa Ocean Road. Ameambiwa ataanza na dripu za dawa, mara 8, kila baada ya wiki 3. Dripu ya kwanza ni wiki ya kwanza ya Julai. Baada ya hapo upasuaji, halafu mionzi, halafu vidonge vya miaka mitano au zaidi. Daktari hakumwambia atapona wala hatapona. Alisema tu dawa zipo na wataanza.*

*Dada anapenda sana mashairi, yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani. Nikamwandikia hili:*

*Dada usihuzunike, utapona nakwambia,*
*Vita hivi usichoke, adui atakimbia,*
*Machozi yasimwagike, kulia ni kuumia,*
*Desemba acha ifike, mzima utarejea.*

*Shemeji amesoma akasema nisimpelekee, kwamba ni maneno ya kumfurahisha mtoto. Mama naye anasema nikiondoa "utapona" nitakuwa nimemkatia tamaa mwanawe. Nimekwama katikati. Nisaidie niandike nini.*

*Mdogo mtu, Tanga*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote.

Dada yako alikufundisha vizuri. Nimehesabu: nane kwa nane katika kila mshororo, ukwapi na utao vyote vimetimia, vina havijateleza hata kimoja. Kwa hiyo ufundi tuuache. Kasoro iko kwenye yale uliyoyasema, na kila mshororo una yake.

Naanza na huo wa mwisho, kwa sababu wewe mwenyewe umenipa hesabu. Dripu 8 kwa wiki 3 maana yake toka ya kwanza hadi ya nane ni wiki 21. Akianza mwanzoni mwa Julai bila kuruka hata moja, ya nane inaangukia mwishoni mwa Novemba. Hapo bado kuna mapumziko ya wiki kadhaa mwili ukusanye nguvu, ndipo upasuaji, ndipo mionzi. Desemba uliyomwahidia, kwenye karatasi tu, atakuwa anasubiri kisu au anauguza kidonda. Na hiyo ni hesabu ya mambo yakienda sawa.

Mara nyingi hayaendi sawa, na si kwa sababu mgonjwa amefanya kosa. Dawa hizi hushambulia seli zinazozaliana haraka. Saratani ni mojawapo, lakini hata uboho ndani ya mifupa unaotengeneza damu huzalisha haraka, kwa hiyo nao unapigwa. Chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu hushuka, na kwa kawaida zinafika chini kabisa wiki moja hadi mbili baada ya dripu, halafu zinapanda tena polepole. Ndiyo maana kabla ya kila dripu anatolewa damu kwanza. Zikiwa zimepanda vya kutosha, anapewa dawa. Zikiwa bado, anaambiwa arudi baada ya siku kadhaa, pengine wiki nzima, na ratiba yote iliyobaki inasogea.

Nilifanya kazi ya unesi kwenye wodi ya aina hiyo kwa muda mrefu, na nakwambia siku ya kurudishwa nyumbani ni ngumu kuliko siku ya dripu yenyewe. Mtu ameomba ruhusa kazini, ameamka alfajiri, amejiandaa moyoni, halafu anaambiwa leo hapana. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa na kadi ya maua, ameandikiwa na wanakwaya wenzake kwamba ifikapo Pasaka atasimama nao kuimba. Aliporudishwa mara ya pili aliitoa mkobani, akaitazama, akampa mjukuu wake achore nyuma. Hakuwa na hasira nao. Ile kadi ilikuwa imeshaisha muda wake, kama dawa.

Basi kipimo changu cha shairi la mgonjwa ni hicho. Chukua kila mshororo ujiulize: ataweza kuusoma jioni ya siku aliyorudishwa? Usiposomeka siku hiyo, uondoe, hata kama vina vyake vinalia kama zumari.

Ukishika kipimo hicho, mingine inajieleza. "Vita hivi usichoke" unamkataza jambo ambalo karibu kila anayepewa dawa hizi hulipata. Uchovu wake si wa kulala ukaamka mzima. Mtu anaweza kumaliza kuoga akahitaji kukaa kitandani nusu saa kabla ya kuvaa. Ukimwamuru asichoke, siku ya tatu baada ya dripu ataona ameshakuangusha. Na habari ya vita nisingeileta kabisa, maana kwenye vita kuna anayeshinda na anayeshindwa, na ugonjwa ukikaidi dawa, aliyeshindwa atakuwa nani? Ila ikiwa dada mwenyewe ndiye anayesema "napigana", basi mfuate, lugha ni yake.

"Machozi yasimwagike" sina haja ya kuueleza sana. Akilia atalia mbali nawe.

Umebaki "utapona nakwambia", na hapa ndipo shemeji na mama wanapovutana. Daktari wake hakunyamaza kwa ukatili. Kwa mpango aliopewa dada, wa dawa kwanza kisha upasuaji, hata wao wanapata jibu kwa vipande. Watapapasa uvimbe kati ya dripu na dripu kuona kama unapungua. Baada ya upasuaji nyama iliyotolewa inapelekwa maabara, na huko ndiko inaonekana dawa imefanya kazi kiasi gani na kimebaki nini. Leo, kabla ya dripu ya kwanza, jibu hilo halipo mikononi mwa mtu yeyote. Ukiliandika wewe kutoka Tanga, dada atajua unabahatisha, na akishajua hivyo hata maneno yako ya kweli yatapungua uzito.

Hata hivyo mama hajakosea alipohofia kukata tamaa. Shairi lisilo na tumaini usilitume. Tumaini unaliweka mahali ambapo una haki ya kuliweka: kwamba tiba ipo na imewasaidia wengi, kwamba unamwombea, na zaidi ya yote kwenye yale utakayofanya kwa mikono yako. Huwezi kuahidi kuhusu uvimbe. Kuhusu uji unaweza.

Nimekuandikia tarbia yenye kibwagizo, ili uone ninachosema. Ichukue, ibadilishe, itupe, vyovyote utakavyo.

Dada yangu nakujia, sina ahadi ya mwezi,
Wala sitakuambia, ufiche yako machozi,
Nimekuja kukalia, mkeka wa uuguzi,
Leo ni ya leo dada, kesho tutaikabili.

Matone yakidondoka, taratibu mshipani,
Mkono nitaushika, nitakuwa ubavuni,
Na kama hutatamka, sitauliza kwa nini,
Leo ni ya leo dada, kesho tutaikabili.

Zitapoanguka nywele, kitambaa nitafunga,
Ukikataa mchele, uji mwepesi wa unga,
Wakija watu wa shule, foleni nitaipanga,
Leo ni ya leo dada, kesho tutaikabili.

Wakisema leo damu, chembechembe hazitoshi,
Hujafeli we mwalimu, damu haina ubishi,
Tutairudia zamu, wiki moja haitishi,
Leo ni ya leo dada, kesho tutaikabili.

Tumaini ninabeba, halina tarehe juu,
Wengi walipewa tiba, na wakapata nafuu,
Nakuombea si haba, kwa Mola wetu Mkuu,
Leo ni ya leo dada, kesho tutaikabili.

Upasuaji ukija, mionzi ikifuata,
Na vidonge moja moja, kila siku ikipita,
Uniite nitakuja, wageni wakishasita,
Leo ni ya leo dada, kesho tutaikabili.

Sasa nikueleze sehemu ambazo lazima uzikague wewe, maana mimi sipo hapo.

Ubeti wa pili unaahidi utakuwa ubavuni kwake. Uliza kwanza kama chumba cha dripu kinaruhusu msindikizaji, kwa sababu kwenye hospitali zenye wagonjwa wengi viti vinasongamana na ndugu hubaki nje. Kama hairuhusiwi, weka "nitakuwa mlangoni". Mizani haipungui na kina kinabaki kilekile. Na kama hutaweza kutoka Tanga kila baada ya wiki 3 (nauli, kazi, watoto, najua), usiandike kabisa kwamba utamshika mkono. Andika kitu utakachokitimiza mara zote 8, hata kama ni kumpigia simu jioni ile tu. Ahadi ndogo iliyotimia mara nane inambeba mgonjwa kuliko kubwa iliyotimia mara mbili.

Ubeti wa tatu nimesema nywele "zitapoanguka" kana kwamba ni hakika. Kwa dawa nyingi za saratani ya titi ndivyo ilivyo: zinaanza kubaki kwenye mto na kitana wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza. Lakini si kila dawa hutoa nywele, kwa hiyo muulize dada ameambiwaje. Na kama hajataka kulizungumza, uruke ubeti huo kwa sasa, umpelekee zikishaanza kudondoka. Kuhusu mchele, dawa hubadilisha ladha mdomoni, wengi husema chakula kinakuwa na ladha ya chuma, na wengine hupata vidonda kinywani. Chakula kilichopoa kidogo na laini humezeka kuliko cha moto chenye pilipili. Huo uji usiwe wa mfano tu, upike.

Ile foleni ya watu wa shule nimeiweka kwa utani, nikijua mwalimu akiugua shule nzima huhamia kwake. Utani huo una kazi. Katika zile siku ambazo chembe nyeupe ziko chini, mgeni mwenye mafua ni hatari ya kweli, na dada hatakuwa na nguvu ya kumwambia mwalimu mkuu asiingie. Wewe au shemeji ndio mtakaokaa mlangoni. Akisoma mshororo huo atajua umeshajitolea kuwa mtu mbaya kwa niaba yake.

Ubeti wa nne ndio nilioanza kuuandika, kwa ajili ya siku ya kurudishwa. Neno "hujafeli" nimelichagua kwa sababu ni mwalimu, ameishi na mitihani, na wagonjwa wengi huchukua jibu la damu kama alama za darasani. Wanajiuliza walikula nini vibaya, walilala saa ngapi. Dada akianza kujilaumu hivyo, mtumie ubeti huo peke yake, bila maneno mengine.

Mwambie mama kwamba mshororo wa tatu wa ubeti wa tano ni wake. Dua haina mipaka. Aombe uponyaji kamili, kwa sauti, hata mbele ya dada, kwa sababu dua ni maneno anayoambiwa Mungu. Shida inaanza tunapoigeuza kuwa taarifa kwa mgonjwa. Kwenye mshororo unaotangulia nimesema wengi walipata "nafuu" na sikusema walipona wote, kwa makusudi. Daktari akija kusema lengo ni kuuzuia ugonjwa usisambae na siyo kuumaliza, mshororo huo utabaki kweli, hutahitaji kuufuta. Na ikitokea amepona kabisa, hakuna atakayekudai kwamba uliahidi kidogo.

Ubeti wa mwisho unahusu wakati ambao watu huwa wameshatawanyika. Mwezi wa kwanza nyumba inajaa. Kufikia mionzi, ambapo mtu huenda hospitali Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, wageni wamepungua. Kufikia vidonge, wengi wanadhani ameshapona kwa kuwa nywele zimerudi. Ni miaka hiyo ya vidonge ndiyo mgonjwa huchoka akaanza kuruka siku, kimyakimya, hasa vikimletea joto la ghafla mwilini na maumivu ya viungo. Ukiwa bado unauliza hali mwaka wa pili, utakuwa umefanya zaidi ya shairi. Na akikwambia vidonge vinamtesa, mpeleke akaseme kliniki, asiviache mwenyewe.

Lini umpe? Siyo siku ya dripu. Siku ile kuna foleni, sindano na kichefuchefu, na siku mbili tatu zinazofuata ndizo mbaya zaidi kwa tumbo. Mpe jioni kama mbili kabla ya ile ya kwanza, mkiwa mmetulia. Ukiwa mbali, ghani kwa sauti yako umtumie kwenye simu. Kusoma huwa kazi mtu akiwa amechoka, lakini kusikiliza amelala anaweza, na atarudia anapotaka mwenyewe. Usimuulize ameliona au amelia. Pengine hatasema chochote kwa wiki nzima halafu akakutumia masahihisho ya kina kimoja. Hiyo itakuwa shukrani yake, kwa jinsi ninavyowajua walimu.

Jambo moja la kinesi, uniwie radhi. Kama utaliandika kwenye karatasi, nyuma yake andika kwa herufi kubwa namba ya simu ya wodi aliyopewa na maneno haya: JOTO 38 AU ZAIDI, HOSPITALI SASA HIVI. Mnunulieni na kipimajoto. Chembe nyeupe zikiwa chini, homa inaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi yanayokwenda mbio, na kosa linalofanyika nyumbani ni kumeza panadol homa ikashuka, mkasema tutaangalia asubuhi. Msingoje asubuhi, hata ikiwa saa nane za usiku. Na mkojo ukiwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu, msitaharuki kabla ya kuuliza. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa titi ni nyekundu kama juisi ya rosela, na rangi hutoka hivyo. Muulizeni nesi siku ileile kama hiyo ndiyo anayopewa, maana kama siyo, hiyo inaweza kuwa damu na inahitaji daktari.

Shemeji umwonyeshe shairi kabla ya kulituma. Yeye ndiye atakayekuwa naye usiku, na kama kuna mshororo ambao unamgusa vibaya, sikiliza. Ukibadilisha chochote, hesabu tena kwa vidole: silabi nane, pumzika, silabi nane. Dada akikuta mizani tisa atakurudishia.

Shangazi